Kinu kinachonuka karanga na kitunguu: jinsi ya kukisafisha na kukikausha hata mvua ya Tukuyu isipokatika

Kamwene wapendwa. Mi ni wa Iringa ila nimeolewa Tukuyu, na hiki ninachoandika nimekijua baada ya kuhama na kinu changu kilekile. Iringa nilikuwa nakiosha asubuhi nakianika jioni nakirudisha kabatini, hakuna shida yoyote. Tukuyu nikafanya hivohivo, mwezi wa tatu mvua inapiga kila siku, baada ya wiki mbili tu kikaanza harufu ya mafuta yaliyochacha, na chini kabisa kwenye kitako cha ndani kuna utandu wa kijivu. Kinu hakikubadilika, nilichobadilisha ni hewa. Huku hewa yenyewe imejaa maji kwahiyo kuosha ni kazi ndogo, kukausha ndo kazi.

Nazungumzia kinu kidogo cha jikoni, kile cha mti cha kutwangia kitunguu swaumu, binzari, pilipili manga na karanga za kuweka kwenye mboga. Jiwe la kusagia nitaligusa mwishoni, maana lenyewe halisumbui sana.

Kabla hujashika maji elewa kwanza kinu kimetengenezwaje. Fundi anachukua gogo, analisimamisha vilevile mti ulivyokuwa umesimama, anachimba kutoka juu. Sasa ndani ya mti kuna njia nyembamba sana zinazopandisha maji kutoka kwenye mizizi, chukulia kama mirija ya soda mingi imefungwa pamoja kwa kamba. Ukichimba kwa juu, kuta za kinu zinakuwa ubavu wa mirija, ila kitako cha ndani kinakuwa ni midomo ya mirija yenyewe iko wazi. Ndo maana kitako kinanyonya maji mengi kuliko kuta, na ndo maana mafuta ya karanga yanazama palepale unapotwangia. Kitako cha nje, kile kinachokaa sakafuni, nacho ni midomo wazi, kwahiyo ukikisimamisha kinu kwenye simenti yenye maji kinanyonya kwa chini huku we unadhani kinakauka. Mchi nao ncha zake zote mbili ziko hivohivo.

Kingine, mabaki hayafanani. Kitunguu ni maji na sukari, kikikauka kinakuwa kama vanishi ya kahawia inayonata, na hiyo inatoka kwa maji. Karanga karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, nusu nyingine ina protini na wanga, na hiyo ukiimwagia maji ya moto kabla hujaitoa unapika uji humohumo ndani ya kinu, protini inaganda inashikilia kwenye matundu ya mti. Binzari na pilipili ni unga mkavu, zinataka brashi. Kwahiyo kama umetwanga vyote humo humo, mpangilio ni mmoja tu: kavu kwanza, maji baadaye. Mi nilikuwa nafanya kinyume, nachemsha maji namwaga, nashangaa kila siku kinu kinanata.

Haya tuanze, nikitumia kinu changu kilivyokuwa siku ile.

Kwanza nilikwangua. Usitumie kisu wala stilwaya, vinachora mti na kila mchoro unakuwa shimo jipya la karanga kukaa. Huku mianzi ipo kila mahali, chukua kipande, kichonge ncha yake iwe bapa kama mwiko mdogo, kwangua kitako kwa kuzunguka, alafu kuta kutoka chini kwenda juu. Geuza kinu gongagonga ubavuni kwa kiganja. Mi nilitoa kama kijiko kimoja cha chakula cha kitu cha kahawia kigumu, na hapo nilikuwa naona kinu ni kisafi.

Pili, chenga za mchele. Hii aliniambia mama mkwe, alinikuta nachemsha maji akasema, "Mwanangu, hayo maji yaache kwanza, kinu kilishe chenga." Chenga za mchele wa Kyela zinauzwa bei rahisi sokoni, ila za mchele wowote zinafaa. Weka kiganja kimoja, ziwe kavu kabisa, twanga na kuzungusha mchi ukutani mpaka ziwe unga. Ule unga unanyonya mafuta na kukwangua kwa upole. Mara ya kwanza unga wangu ulitoka wa kahawia na unanata vidoleni kama siagi, nikamwaga. Mara ya pili ulitoka wa njano kwa sababu ya binzari. Mara ya tatu ukatoka karibu mweupe na hauna harufu ya karanga, hapo nikaacha. Kipimo ndo hicho, rangi ya unga na kama unanata, siyo idadi ya mara. Huo unga wa mwanzo usiwape kuku kama kinu kilikuwa na utandu au harufu mbaya, tupa.

Ukikosa chenga tumia pumba kavu za mahindi, zinanyonya vizuri ila hazikwangui sana, kwahiyo ongeza kijiko cha chumvi ya mawe.

Majivu wengi wanatumia na yanatoa mafuta kweli, kwa sababu majivu yakikutana na maji na mafuta yanakuwa kama sabuni. Mi nayatumia kwa nje tu. Ndani yanaingia kwenye matundu na kuyatoa yote ni shida, alafu mti unakuwa mweusi. Magadi vilevile, yanatia mti weusi na yanaacha ladha ambayo utaikuta kwenye mboga.

Tatu, ndo maji sasa, na yawe vuguvugu, ya kuvumilika na mkono. Baridi kali ya huku asubuhi mafuta yanakuwa mazito, maji ya bomba peke yake hayayaondoi, ila ya kuchemka nayo nimeshasema yanapika. Nusu lita inatosha kwa kinu kidogo. Usijaze ukaacha kiloweke, hili ndo kosa kubwa kuliko yote. Mimina, sugua haraka kwa dodoki au mswaki wa zamani ukizingatia pale kitako kinapokutana na ukuta, mwaga. Maji yasikae ndani zaidi ya dakika 2. Rudia na nusu lita nyingine. Ile vanishi ya kitunguu utaisikia inateleza vidoleni alafu inaisha, kinu kinakuwa na ukakasi wa mti, ukisikia hivo acha.

Sabuni? Sabuni ya maji tone moja kwenye maji ya kwanza kama bado unasikia utelezi wa mafuta, alafu suuza mara mbili. Sabuni ya unga ya kufulia usithubutu, manukato yake mti unayashika na mi nimeshakula pilau lenye harufu ya nguo zilizofuliwa, wageni wakawa wanaulizana nimeweka kiungo gani. Klorini nayo hapana.

Kama harufu ya kitunguu swaumu bado ipo, kata limau katikati, nyunyiza chumvi vijiko 2 vya chai ndani ya kinu, sugua na ule upande uliokatwa huku unakamua, kiache dakika 5, suuza vizuri. Nimesema vizuri kwa sababu chumvi inavuta maji kutoka hewani, we angalia kopo la chumvi huku Rungwe linavyolowa lenyewe bila mtu kulimwagia kitu, sasa chumvi ikibaki kwenye matundu ya kinu kinu kitakuwa kinalowa kila siku na hutajua kwa nini. Harufu kidogo ya kitunguu ikibaki haina madhara, wala usihangaike nayo. Rangi ya njano ya binzari pia iache, haitoki kwa kusugua, inafifia yenyewe ukiweka mahali penye mwanga.

Mchi usiusahau. Watu tunaosha kinu tunasuuza mchi juujuu, wakati ncha ya mchi ndo imebeba karanga nyingi kuliko sehemu yoyote. Ikwangue, isugue na dodoki, ioshe kama ulivyoosha kitako.

Sasa kukausha, na hapa naomba twende taratibu.

Futa kwanza ndani na nje kwa kitambaa kikavu cha pamba, ukandamize kwenye kitako uhesabu mpaka 20, rudia na upande mwingine wa kitambaa. Hayo maji unayoyatoa kwa kitambaa ni maji ambayo hutayasubiri siku mbili yatoke. Alafu kigeuze mdomo chini dakika 15 tu yadondoke yaliyobaki. Ukikiacha mdomo chini usiku kucha umefunga mlango, hewa yenye unyevu imebaki ndani na haina pa kwenda, na utandu wangu ulianzia hapohapo.

Baada ya hizo dakika 15 kilaze ubavu. Mi nina vipande viwili vya mwanzi, nimeviweka sambamba juu ya stuli, kinu kinalala juu yake, mdomo unaangalia upande upepo unapotokea na kitako cha nje kiko hewani. Midomo yote ya ile mirija iko wazi, ndani na nje. Kila asubuhi na jioni nakiviringisha robo mzunguko ili upande uliolala nao upate hewa. Mchi peke yake, umelala juu ya misumari miwili ukutani. Usiuweke ndani ya kinu wakati vinakauka, pale vinapogusana hapakauki na fangasi anaanzia hapo.

Jua lije kidogo tu. Najua mtu wa Tukuyu akiona jua anatoa kila kitu nje, hata mi nilifanya, nikakiweka kinu kilicholowa kwenye jua la saa sita. Sehemu ya nje ya mti ikakauka na kunywea wakati ndani bado kumevimba kwa maji, kitu kinachofuata ni mti kupasuka, na unapasuka kuanzia mdomoni au kitakoni kwa sababu huko ndo maji yanatoka haraka. Changu kina ufa mdomoni wa urefu wa kidole mpaka leo. Kivuli chenye upepo kwanza, siku ya pili au ya tatu kikishakauka kwa juu unaweza kukipa jua la asubuhi, lile la saa mbili mpaka saa nne, basi.

Na kama hakuna jua wala upepo, yaani ile wiki ukungu hauondoki mpaka mchana? Hapo jiko la kuni linasaidia. Mama mkwe ana kichanja pembeni ya jiko, siyo juu ya moto, ni pembeni kama hatua moja na nusu kutoka kwenye mafiga, na anakilaza hapo. Hewa ikipata joto inabeba unyevu zaidi, kwahiyo hilo joto dogo la kudumu linakausha polepole. Ukiweka mkono pale unatakiwa usikie vuguvugu, ukisikia moto sogeza mbali. Wenye gesi na nyumba ya kufunga madirisha, weka chumba ambacho hamkaushii nguo, maana nguo mbichi zinajaza chumba maji yaleyale.

Kitakauka kwa muda gani? Siku ile nilienda na kinu dukani kwa jirani anayeuza mchele, akanipimia kwenye mizani yake. Kabla ya maji, baada ya chenga, kilikuwa kilo 3 na gramu 100. Baada ya kuosha na kufuta, kilo 3 na gramu 180, yaani gramu 80 za maji zimeingia kwenye mti na mi nilikuwa nimeshakifuta. Kesho yake gramu 140 juu ya kilo 3, na kwa kugusa nilikuwa naapa kimekauka. Siku ya pili 120. Siku ya tatu 105, na siku ya nne 105 tena. Ikisimama namba moja siku mbili mfululizo, kimekauka kadiri hewa ya hapo inavyoruhusu. Kwahiyo siku 3 mvua ikinyesha, wakati Iringa kinu hikihiki siku moja kilikuwa kinaniridhisha. Mwezi wa saba na wa nane huku ni baridi ila mvua inapungua, hapo siku mbili zinatosha.

Huna mizani? Tumia kifuniko cha sufuria cha glasi. Jioni funika mdomo wa kinu, acha mpaka asubuhi mahali penye baridi. Ukikuta glasi imetoa ukungu au vitone kwa upande wa ndani, kitako bado kinatoa maji, rudisha kwenye mianzi. Ikiwa kavu na ukinusa pale unapofunua husikii ubichi wala uchachu, kiko tayari.

Kwa mafuta kuna kipimo kingine, karatasi nyeupe ya daftari. Ikunje, ikandamize kwenye kitako na ncha ya mchi kwa dakika 1, alafu iangalie kwenye mwanga. Doa la maji likikauka linapotea. Doa la mafuta linabaki na linapitisha mwanga, kama karatasi ya maandazi. Ukiliona la mafuta usirudi kwenye maji, subiri kinu kikauke kabisa alafu rudia chenga. Hii ni muhimu kwa sababu mafuta yanayobaki yanaharibika kwa hewa, na hicho ndo chanzo cha ile harufu ya uchachu hata kwenye kinu kikavu. Kwa sababu hiyohiyo sikubaliani na wanaopaka kinu mafuta ya alizeti ili king'ae, kinang'aa wiki mbili alafu kinanata na kunuka.

Sasa ule utandu. Kama ni vumbi la kijivu au la kijani juujuu, kipeleke nje, ufute kwa kitambaa chenye siki, kitupe kitambaa, kausha siku 3, alafu piga msasa laini mpaka uone mti mpya, fanya chenga tena. Ila kama fangasi ameingia ndani ya ufa, au madoa meusi yanazidi kuingia ndani kila ukipiga msasa, hicho kinu usitwangie chakula tena. Karanga na mahindi ndo chakula anachokipenda yule fangasi anayetoa sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi. Sisemi kila utandu wa kinu ni sumukuvu, ila kwa macho huwezi kutofautisha, na ile sumu haiishi kwa moto wa kawaida wa kupikia, kwahiyo kumwagia maji ya kuchemka siyo dawa. Na karanga zenyewe chambua kabla ya kutwanga, zilizosinyaa, zenye ukungu au uchungu tupa.

Ufa mdogo kama wangu, ambao ukucha haumezwi, nausafisha kwa mswaki mkavu kila nikitwanga. Ukiingiza ncha ya kijiti ikatoka na karanga, ufa huo ni mkubwa, kinu hicho kibaki cha chumvi na pilipili kavu.

Na kama nyumbani kuna mtu karanga zinamdhuru, anavimba midomo au anabanwa kifua, usafi wote huu hautoshi. Mti hausafishiki mpaka hapo. Viungo vya chakula chake vitwange kwenye kinu kingine ambacho karanga haijawahi kuingia, na mchi wake peke yake.

Jiwe la kusagia ni rahisi zaidi kwa sababu halipasuki kwa jua. Chenga kavu, sagia mpaka unga utoke mweupe, alafu brashi ngumu na maji vuguvugu ukifuata vishimo vyake, suuza, lisimamishe kwa ubavu ukutani lisilale sakafuni. Likiwa limelowa usiliweke motoni ili likauke haraka, maji yaliyoko kwenye vishimo yakigeuka mvuke jiwe linaweza kupasuka na vipande vikaruka.

Kinu kikishakauka mi sikirudishi kabatini tena. Kinakaa juu ya kabati, wazi, mdomo juu, kimefunikwa kitambaa chepesi cha pamba kuzuia vumbi na mende, na mchi umelala pembeni yake. Na siku hizi kwa mboga ya kila siku nikitwanga karanga tu sikioshi kwa maji kabisa, nakwangua kwa mwanzi, chenga kiganja kimoja, kitambaa kikavu, basi. Maji nayaweka siku niliyotwanga kitunguu, na nahakikisha siku hiyo sina haja na kinu kwa siku 3 zinazofuata.